UZI: Mama (mwalimu wa msingi) kapewa barua ya kustaafu, tumeisoma mara tatu bado kuna mambo hatuyaelewi

Mtoto wa Mwalimu (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu, na shikamooni wakubwa.

Mama yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, anatimiza miaka 60 mwezi Aprili mwakani. Wiki iliyopita mwalimu mkuu kamkabidhi barua. Mama kaisoma, kaikunja, kaiweka kwenye mkoba, halafu siku mbili hakuizungumzia. Jumamosi ndipo akaniambia, "Hebu na wewe soma, mimi naona wananidai makaratasi ya tangu sijakuzaa."

Naiandika hapa kama ilivyo, majina na namba nimetoa:

*Kumb. Na. ……*
*6 Oktoba, 2025*

*Mwl. ……, Cheki Na. ……*
*Shule ya Msingi ……*
*K.K. Mwalimu Mkuu*

*YAH: TAARIFA YA KUSTAAFU KAZI KWA MUJIBU WA SHERIA*

*Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu.*

*2. Kumbukumbu zilizopo katika jalada lako zinaonyesha kuwa ulizaliwa tarehe 14 Aprili, 1966 na uliajiriwa tarehe 1 Aprili, 1996. Hivyo, utatimiza umri wa miaka 60 na kustaafu kazi kwa lazima tarehe 14 Aprili, 2026.*

*3. Ili maandalizi ya mafao yako katika Mfuko wa PSSSF yafanyike kwa wakati, unatakiwa kuwasilisha ofisi ya utumishi kabla ya tarehe 30 Novemba, 2025 nyaraka zifuatazo: barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, barua ya cheo cha sasa, karatasi ya mshahara ya mwezi wa karibuni, nakala ya kitambulisho cha Taifa, picha ndogo za pasipoti, uthibitisho wa akaunti ya benki iliyo hai kwa jina lako, na fomu ya madai ya mafao iliyojazwa kikamilifu.*

*4. Aidha, unakumbushwa kutumia likizo yako kabla ya tarehe ya kustaafu, kukabidhi mali zote za Serikali zilizo mikononi mwako, na kuthibitisha kwa maandishi mahali utakapoishi baada ya kustaafu kwa ajili ya malipo ya nauli na mizigo.*

*5. Nakutakia maandalizi mema.*

Maswali yangu:

Kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini mama hana. Ya ajira anayo, imeliwa na mchwa pembeni ila inasomeka. Inakuwaje wanataka karatasi ya miaka 28 iliyopita wakati yuko kwenye mfumo na mshahara unaingia kila mwezi?

Pili, taarifa yake ya michango ya PSSSF hadi Septemba inaonyesha miezi 313 tu, na inaanzia Julai 1999. Miaka mitatu ya mwanzo imekwenda wapi?

Tatu, atapata ngapi? Barua haina hata tarakimu moja ya fedha.

---

Mpiga Debe Mstaafu

Hongera kwa mama. Jiandaeni kisaikolojia tu, kikokotoo kile cha asilimia 33 kimewamaliza watu. Mjomba wangu kastaafu 2015 kachukua nusu yake yote mkononi, kwa mshahara wake wa mwisho, akajenga na hiace akanunua. Sasa hivi wanakupa theluthi, iliyobaki unapewa kidogo kidogo kama mtoto wa shule anayepewa ya maandazi.

---

Mzee wa Masijala

Marahaba mwanangu. Nimekaa ofisi za utumishi katika halmashauri miaka 31, jalada za wastaafu nimezishika mpaka vidole vimekuwa vyeusi. Nitakujibu taratibu, maana hilo swali la kwanza na la pili ni swali moja.

Mwalimu aliyeajiriwa 1996 hakuwa anakatwa mchango wowote. Wakati ule pensheni ya mtumishi wa Serikali ilikuwa inalipwa na Hazina moja kwa moja. Mfuko wa PSPF ulianza Julai 1999, na hapo ndipo makato yalipoanza kuonekana kwenye mshahara. Agosti 2018 PSPF, LAPF, PPF na GEPF zikaunganishwa kuwa PSSSF, na kumbukumbu zikahamia huko. Kwa hiyo taarifa ya michango ya mama yako haiwezi kuonyesha kitu kabla ya Julai 1999. Hakuna aliyeiba, ni kwamba mchango wenyewe haukuwepo.

Lakini utumishi ulikuwepo, na utumishi huo unahesabiwa. Ndiyo lile deni la kabla ya 1999 mlilokuwa mnalisikia bungeni kila mwaka, mpaka Serikali ikatoa hati fungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 mwaka 2021 kuulipa mfuko.

Sasa jiulize: kama michango haionekani, mfuko utajuaje kuwa mama alikuwa kazini 1996, 1997 na 1998? Kwa karatasi. Barua ya ajira inasema alianza lini, na barua ya kuthibitishwa inasema alipita muda wa majaribio akaingia kwenye masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni. Hizo mbili ndizo zinazobeba ile miaka. Kijana aliyeajiriwa 2010 akikosa barua ya kuthibitishwa atasumbuka, lakini michango yake itamtetea. Mama yako ile miezi ya mwanzo haina mtetezi mwingine.

Kuanzia Aprili 1996 mpaka Juni 1999 ni miezi 39. Hiyo ndiyo inayochezewa hapo.

---

Mtoto wa Mwalimu

Mzee shikamoo tena. Hapo umenifungua macho, sisi tulidhani ni usumbufu wa ofisi tu. Na kama barua ya kuthibitishwa haipatikani kabisa?

---

Kisauni Kwetu

Salaam kutoka Mombasa. Huyo mama akiwa mwalimu aende TSC, wao ndio wenye fomu zote. Hesabu ni 1/480 mara miezi aliyotumika mara mshahara wa mwisho, halafu robo anapewa kwa mkupuo. Msimchanganye na mambo ya 33.

---

Mzee wa Masijala

Kisauni, hiyo ni hesabu ya kwenu Kenya, na TSC unayoisema ni ya Nairobi. Sisi huku pia tuna TSC, Tume ya Utumishi wa Walimu, ila pensheni ni mambo mengine kabisa. Hata hivyo umepatia bila kukusudia, maana ni kweli mama anatakiwa kwenda TSC ya wilaya yake.

Mwanzisha uzi, sikiliza. Mwalimu ana jalada mahali pawili. Moja liko kwa mwajiri, yaani halmashauri, na jingine liko TSC, ambao walirithi majalada ya iliyokuwa Idara ya Utumishi wa Walimu, TSD. Ajira, kuthibitishwa na kupandishwa madaraja ya walimu kulipita huko. Nakala ya barua ya kuthibitishwa iliyopotea nyumbani, mara nyingi iko kwenye jalada la TSC. Na kibali cha kustaafu cha mwalimu hutoka huko huko, kwa hiyo jalada litafunguliwa tu, mkitaka msitake.

Aende mwenyewe, na cheki namba, na nakala ya barua ya ajira. Aombe nakala ya barua ya kuthibitishwa, igongwe muhuri na kusainiwa kuwa ni nakala halisi ya iliyo jaladani. Asikubali kupigiwa picha kwa simu akatumiwa WhatsApp. Mfuko hauwezi kupokea picha ya WhatsApp yenye kidole cha mtu pembeni, na nimeshaiona hiyo kwa macho yangu.

Kama alihamishwa wilaya, basi jalada wakati mwingine limebaki wilaya ya kwanza. Alihamishwa?

---

Mtoto wa Mwalimu

Ndiyo, mwanzoni mwa 2007 alihama wilaya kumfuata baba.

---

Mzee wa Masijala

Ehee. Nilijua tu. Rudi kwenye ile taarifa ya michango. Julai 1999 mpaka Juni 2025 ni miaka 26 kamili, miezi 312. Ongeza Julai, Agosti na Septemba, inakuwa 315. Wewe umesema 313. Kuna miezi miwili haipo. Pengine mmoja ni Septemba ambao haujaingizwa bado, lakini pitia mstari kwa mstari na uanze na 2007.

---

Hesabu za Jioni

Naomba nijibu lile swali la ngapi, maana Mpiga Debe amechanganya nyakati tatu katika aya moja.

Enzi ya mjomba, waliokuwa PSPF walikokotolewa kwa 1/540, mshahara wa mwisho, na nusu kwa mkupuo. Hiyo imekwisha. Julai 2022 ikaja hesabu moja kwa mifuko yote, mkupuo asilimia 33. Hapo ndipo kelele zilipokuwa. Bajeti ya 2024/25 ikarekebisha: waliokuwa kwenye mifuko iliyokuwa ikitoa nusu, yaani PSPF na LAPF, wakapandishwa hadi asilimia 40, na wengine hadi 35. Mwalimu wa PSPF ni 40.

Mshahara unaotumika si wa mwisho. Ni wastani wa miaka mitatu aliyolipwa vizuri zaidi ndani ya miaka kumi ya mwisho. Nitumie mfano: tuseme wastani wa mama ni shilingi 1,160,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 13,920,000. Gawanya kwa 580, ndicho kigawanyo cha hesabu hii mpya, unapata 24,000. Hiyo 24,000 ndiyo thamani ya kila mwezi mmoja aliofanya kazi, na ukiielewa hiyo umeelewa kikokotoo chote.

Aprili 1996 mpaka mwisho wa Machi 2026 ni miezi 360. Mara 24,000, inakuwa 8,640,000. Hii ndiyo pensheni yake ya mwaka kabla haijagawanywa. Mkupuo ni asilimia 40 ya hiyo, mara 12.5, ambacho ni kizidisho cha mkupuo katika hesabu hiyo hiyo. Inakuja 43,200,000. Asilimia 60 iliyobaki inagawanywa kwa miezi 12, inakuwa 432,000 kila mwezi mpaka mwisho wa uhai wake.

Sasa ondoa ile miezi 39 anayoisema Mzee. Inabaki 321. Mkupuo unashuka hadi 38,520,000 na pensheni ya mwezi hadi 385,200. Karatasi moja iliyopotea ina thamani ya milioni 4.68 mkononi, na shilingi 46,800 kila mwezi.

Kwa mfano huu kila mwezi wa utumishi ni laki moja na ishirini kwenye mkupuo na shilingi 1,200 kwenye pensheni ya mwezi. Hata ile miwili ya 2007 si ya kuachia.

Chukua karatasi halisi za mshahara uweke wastani wake wewe mwenyewe. Na ni mshahara wa msingi, usijumlishe posho.

---

Mpiga Debe Mstaafu

Sawa mwalimu wa hesabu, 40 nimekubali. Lakini hapo kwenye wastani bado ni kuibiwa. Mtu kapandishwa daraja mwaka wa mwisho, halafu unamchanganyia na mishahara ya nyuma?

---

Hesabu za Jioni

Hapo una hoja. Ukipanda mwaka wa mwisho kabisa, nyongeza ile inaingia theluthi tu kwenye wastani. Mtu anayestaafu Aprili 2026 akipandishwa Novemba 2025, inamsaidia kidogo mno. Ila wakati wa kubeza mkupuo mkumbuke na upande wa pili, ile pensheni ya mwezi. Kwa mfano wa mama, 33 ingempa 35,640,000 na mwezi 482,400. Mkupuo umepanda, ya mwezi imeshuka. Nani kafaidi inategemea ataishi miaka mingapi, na mimi huko siingii.

---

Nesi wa Zamu

Jamani naomba kuchomekea langu. Mimi niliajiriwa serikalini 2012 nikiwa na miaka 46, kabla ya hapo nilikuwa hospitali ya dini nachangia NSSF miaka kumi. Mwakani natimiza 60. Nami nitaletewa barua kama hii? Na hiyo 24,000 yangu itakuwa ngapi?

---

Mzee wa Masijala

Dada, barua utaletewa, lakini kwako pana shimo. Pensheni ya kila mwezi inataka michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15. Kuanzia 2012 hadi 2026 ni 14 au pungufu. Ukibaki hivyo utalipwa mkupuo maalumu mara moja na kuaga. Ile miaka kumi ya NSSF usiiache hewani. Nenda PSSSF sasa hivi, wala usingoje barua, uulize habari ya kujumlisha vipindi vya mifuko miwili. Chukua na namba yako ya NSSF. Kama uliwahi kuzitoa fedha zile za NSSF ulipoacha kazi, basi waeleze ukweli, watakwambia kilichobaki.

---

Nesi wa Zamu

Nilitoa nusu… au zote, sikumbuki. Mungu wangu. Kesho naenda.

---

Bibi Harusi wa 98

Mwanzisha uzi, majina ya mama yanafanana kote? Mimi barua ya ajira ina jina la baba yangu, kitambulisho cha Taifa kina jina la mume, na benki waliandika herufi moja tofauti. Jalada langu lilirudishwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa sababu ya jina, mara ya pili kwa sababu kiapo nilichopeleka kilitaja majina mawili na siyo matatu.

---

Mtoto wa Mwalimu

Aisee. Barua ya ajira ina jina la babu. Kitambulisho cha Taifa kina la baba.

---

Wakili Mtaa wa Pili

Tofauti ya herufi, kwa mfano Mwanaidi na Mwanahidi, hiyo kiapo mbele ya wakili au hakimu kinatosha. Jina zima likibadilika, la baba likatoka na la mume likaingia, hiyo ni hati ya kubadili jina inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Msipoteze muda na kiapo.

---

Bibi Harusi wa 98

Wakili, nakuheshimu, lakini langu lilikuwa jina zima na lilipita kwa kiapo pamoja na cheti cha ndoa.

---

Wakili Mtaa wa Pili

Basi ulikutana na mtu mwepesi. Mwingine angekurudisha.

---

Mzee wa Masijala

Nimeona yote mawili yakipita na yote mawili yakirudi. Mwulize afisa wa PSSSF mkoani kwenu kabla ya kulipa wakili. Ila msije mkapumbazika na jina mkasahau tarehe ya kuzaliwa. Hiyo ndiyo haina msamaha. Serikali inatumia tarehe uliyojaza mwenyewe kwenye fomu ya taarifa binafsi ulipoajiriwa. Kitambulisho cha Taifa kikisema 1968, hakitakuongezea miaka miwili kazini. Kinachotokea ni kwamba unastaafu kwa tarehe ya jalada, halafu unaanza kutafuta maelezo kwa nini kitambulisho kinasema vingine, na mafao yanakusubiri.

Na ile tarehe kwenye barua ni ya kweli kweli. Kuna mwalimu alistaafu, jina likasahaulika kutolewa kwenye orodha ya mishahara, akalipwa miezi minne zaidi. Akadhani ni baraka. Zikarudi zote zikidaiwa kabla hajapata mkupuo. Mama akiona mshahara umeingia mwezi Mei, asiuguse, aandike barua.

---

Kijana wa Kibondo

Na hiyo nauli na mizigo inalipwa na PSSSF au?

---

Mzee wa Masijala

Mwajiri, siyo mfuko. Watu wengi hukaa wakingoja nauli pamoja na mkupuo, haiji hivyo. Inatoka kwenye bajeti ya halmashauri, na ndiyo maana inachelewa, sitaficha. Ndiyo sababu barua inamtaka mama athibitishe ataishi wapi. Akichelewa kuandika, hawakumweka kwenye makadirio ya mwaka, ataambiwa asubiri bajeti ijayo. Wanaangalia mahali alipojaza kuwa ni kwao, kwa hiyo akitaka kwenda kwingine aeleze mapema.

Vilevile kama ana malimbikizo ya mshahara, nyongeza iliyocheleweshwa au likizo isiyolipwa nauli, yadai sasa kwa maandishi akiwa bado mtumishi. Ukishakabidhi funguo, kila unayemfuata atakwambia faili lako liko masijala. Na mimi niliyekuwa masijala nakwambia, mara nyingi kweli liko huko, chini kabisa.

---

Mvuvi wa Mitandao

Mimi nina mtu pale mfukoni, kwa laki mbili faili linatoka ndani ya wiki. Njoo PM.

---

Hesabu za Jioni

Huyu apuuzwe. Ndio hao hao wanaopigia wastaafu wakijitambulisha maofisa, wakijua mpaka cheki namba. Mafao hayana malipo ya kuyasukuma. Siku 60 za kulipa zinahesabiwa jalada likiwa kamili, na kinacholikwamisha ni nyaraka tu.

---

Mtoto wa Mwalimu

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Samahani kwa ukimya wa wiki mbili.

Jalada la TSC huku tulipo lilikuwa jembamba, halina kitu kabla ya 2007. Mzee wa Masijala, ulisema. Nikapanda basi na mama mpaka wilaya ya zamani, saa tano njiani. Dada mmoja pale akatuambia turudi kesho. Mama akamwambia, "Mwanangu, wewe ulikaa dawati la pili, darasa la tatu mwaka 2002." Yule dada akamtazama, akasimama, akaenda nyuma. Baada ya dakika arobaini akatoka na jalada lenye vumbi. Barua ya kuthibitishwa kazini ipo, ya 1997. Tumepata nakala na muhuri.

Michango: iliyokosekana ni Februari na Machi 2007, kama ulivyosema, alipokuwa hajafika vizuri upande huu. Karatasi ya mshahara ya Machi tumeipata kwenye sanduku, inaonyesha makato. Ya Februari hatuna. Afisa utumishi kasema ataandika barua ya Machi, ila ya Februari anasema huenda mama hakulipwa mshahara kabisa mwezi ule. Mama anasema alilipwa, dirishani. Tunabishana na kumbukumbu ya miaka 18.

Wastani wake tumeukokotoa kwa karatasi halisi. Umepungua kidogo kuliko mfano, umekuja 1,131,000.

---

Hesabu za Jioni

1,131,000 mara 12 ni 13,572,000. Gawa 580 ni 23,400. Mara miezi 360 ni 8,424,000. Mkupuo 42,120,000, pensheni ya mwezi 421,200. Februari ikipotea, toa 117,000 kwenye mkupuo na 1,170 kwenye mwezi. Kama ana mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, ajue salio lake leo, wasije wakamgusa baadaye bila kujua.

---

Mzee wa Masijala

Vizuri sana mwanangu. Kuhusu Februari, omba halmashauri ya zamani orodha ya malipo ya mwezi huo. Zimefungwa kwenye vitabu vikubwa, kama panya hawajazipitia. Ila msikubali Februari moja icheleweshe jalada zima. Wasilisheni yote kabla ya Novemba 30 na barua ya kueleza kuwa mwezi huo unafuatiliwa.

Na bima ya afya msisahau. Mama na mwenza wake wataendelea kutibiwa NHIF kama wastaafu, lakini kadi haijibadilishi yenyewe, ataomba kwa barua hii hii ya kustaafu. Nyie watoto mnatoka.

---

Bibi Harusi wa 98

Jina mmelimaliza vipi?

---

Mtoto wa Mwalimu

Afisa wa PSSSF kaangalia, kasema tulete kiapo na cheti cha ndoa. Cheti cha ndoa ni cha BAKWATA, cha 1994, jina la mama limeandikwa kwa mkono na herufi ya kati haisomeki kama ni *i* au *e*. Kasema atauliza makao makuu. Tunasubiri.

---

Wakili Mtaa wa Pili

Nipo hapa.

---

Nesi wa Zamu

Nimetoka NSSF. Nilitoa zote, mwaka 2013. Mzee, kuna namna?